Kalengera: "Mtoto akiuliza swali, radio inajibu nini?"

Niliombwa na komite ya wazazi nizungumze nusu saa. Niliandika mada yangu kwenye karatasi tatu: shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, masomo ya mbali yalifika wapi, na yalimwacha nani. Mada yenyewe niliimaliza kwa dakika ishirini na tano. Maswali yalichukua zaidi ya saa mbili, na nikiwa mkweli, ndiyo yaliyonifanya niandike habari hii.

Kalengera iko kandokando ya barabara inayotoka Goma kuelekea Rutshuru, baada ya Rumangabo. Tulikaa ndani ya darasa moja, wazazi wakiwa kwenye viti vya watoto, magoti yamepanda juu. Walimu walisimama nyuma, karibu na mlango, kama kawaida yao.

Nilianza na tarehe. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba shule zote za nchi zitafungwa, na kesho yake zikafungwa. Mwezi wa Agosti madarasa ya mwisho tu ndiyo yaliyorudi, ili watoto wamalize mwaka na kufanya mitihani. Wengine walingoja mpaka tarehe 12 Oktoba 2020. Hawakukaa sana: tarehe 18 Desemba shule zikafungwa tena, zikafunguliwa tarehe 22 Februari 2021. Wakati huo Radio Okapi ilirusha masomo hewani, na kampuni ya Vodacom ikaweka masomo kwenye jukwaa lake la VodaEduc. Kwenye karatasi, basi, shule iliendelea.

Kisha nikatoa hesabu ya UNICEF ya mwezi wa Agosti 2020. Duniani kote, angalau watoto milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote, si ya intaneti, si ya televisheni, si ya radio. Hao ni karibu theluthi moja ya wanafunzi waliokuwa wamefungiwa shule. Kwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambako UNICEF huiweka nchi yetu, walikuwa asilimia 48.

Nilidhani hiyo ndiyo namba itakayowashtua. Mwalimu mmoja wa mwaka wa tano wa msingi akanyanyua mkono.

"Hiyo asilimia 48 haikufikiwa, sawa. Kwa hiyo hii ingine 52 ilisoma?"

Swali zuri, na jibu lake linapindua namba nzima. Hapana, haimaanishi kwamba walisoma. Wataalamu wa UNICEF hawakwenda nyumba kwa nyumba kupima watoto wamejifunza nini. Walichukua takwimu za vifaa vilivyomo nyumbani, wakaziweka pembeni ya masomo ambayo serikali ilikuwa imetangaza. Kama serikali imetoa masomo kwa radio na nyumba ina radio, watoto wa nyumba hiyo wanahesabiwa kuwa wanaweza kufikiwa. Kama radio haina pile, kama iko kwa baba, kama hakuna aliyejua saa ya kipindi, kama mtoto alikuwa shambani, hesabu haioni hayo. Ripoti yenyewe inaonya kwamba hata penye vifaa watoto wengi huenda hawakusoma, ndiyo maana ikatumia neno "angalau".

Mwalimu akatikisa kichwa. "Basi ni hesabu ya mlango, si ya mtu aliyeingia ndani."

Nimetafuta maneno bora kuliko hayo, sijapata.

Hapo mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha, mstari wa pili, akasema bila kunyanyua mkono: "Miye niko na simu moja na watoto wane wanaosoma. Baba yao anaenda nayo Rutshuru asubui, anarudi nayo magaribi. Hiyo masomo ya simu, watoto wanaisoma saa ngapi?"

Tulichukua chaki tukafanya hesabu ya nyumba yake ubaoni, pole pole, kwa sababu watu wengi wakitaja pengo la kidijitali wanafikiria jambo moja tu, kuwa na simu au kutokuwa nayo. Nyumba hii inayo, tena simu kubwa ya kugusa kioo.

Simu inarudi saa kumi na mbili jioni. Watoto wanalala saa mbili na nusu. Hapo kuna saa mbili na nusu, ambamo chakula kinapikwa na kuliwa, na baba naye ana watu wa kupigia. Tuseme inabaki saa moja na nusu ya simu kuwa huru. Ukiigawa kwa watoto wanne, kila mmoja anapata dakika 22 hivi, kama wote wako madarasa mbalimbali na hawawezi kufuata somo moja. Shuleni mtoto huyo alikuwa na asubuhi nzima.

Halafu betri. Simu iliyoshinda safarini inarudi ikiwa karibu kuzimika. Kalengera watu wengi huchaji kwa jirani mwenye panneli ya jua, kwa kulipa, na huyo jirani hachaji usiku. Kwa hiyo zile dakika 22 zinaweza kuwa sifuri siku ambayo baba alipiga simu nyingi. Hakuna ripoti inayoandika kwamba mtoto hakusoma kwa sababu betri ilikuwa na asilimia nne.

Halafu mega. Hapa nilifuta ubao tukaanza upya. Somo la video la nusu saa, hata kwa picha ndogo isiyo safi sana, hutaka kama kilobiti 500 kila sekunde. Nusu saa ina sekunde 1,800. Ukizidisha, kisha ukagawa kwa nane ili kutoka biti kwenda baiti, unapata kama megabaiti 112. Watoto wanne, somo moja kwa siku kila mmoja, siku tano kwa juma, ni masomo 20, na hiyo ni zaidi ya megabaiti 2,200 kila juma. Somo lile lile likiwa sauti tupu, iliyobanwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde kama sauti ya mazungumzo, linakula megabaiti 7 tu. Masomo 20 yanakuwa 144. Yaani video moja na kipande chake ni sawa na masomo ya sauti ya juma zima kwa nyumba nzima. Nilimwomba kila mmoja achukue bei ya mega anayoijua mwenyewe na kuzidisha. Wazee wawili walifanya hesabu kwa vidole, wakacheka, kicheko kisicho cha furaha.

Kijana mmoja akapinga: kuna majukwaa ambayo kampuni ya simu haikati mega ukiyafungua. Kweli, na ni msaada mkubwa pale unapopatikana. Lakini unaondoa kizuizi kimoja katikati ya mlolongo wa vizuizi. Bado unahitaji simu ya kioo, laini ya kampuni ile ile, betri, na antena yenye nguvu ya kutosha. Tena somo likikupeleka kwenye ukurasa wa nje ya jukwaa, mega zinaanza kukatwa bila mtoto kujua.

Kuhusu antena, kuna njia rahisi ya kujua, nami niliwaonyesha kwa simu yangu mwenyewe. Tazama juu ya kioo, karibu na alama ya rezo. Ukiona herufi G au E, uko kwenye mtandao wa kizazi cha pili. Hapo kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi ni sawa, na maandishi yatafunguka ukivumilia. Video haitakwenda, kwa sababu hata E ikiwa peke yake na katika hali nzuri haifikii zile kilobiti 500, na kwa kawaida unaigawana na kijiji kizima. Ukiona 3G, H au 4G, video inawezekana, mpaka jioni watu wote wanaporudi nyumbani na kufungua simu kwa pamoja. Na jioni ndiyo saa ya mama huyu.

Darasani mle, siku ile, simu yangu ilionyesha E karibu na dirisha. Mlangoni haikuonyesha kitu.

Sasa mzee mmoja, aliyekuwa amekaa na radio ndogo mapajani mwaka wote wa 2020 kama alivyotuambia, akauliza kwa nini tunahangaika na simu. "Radio haiombi mega. Haiombi uniti. Pile mbili tu."

Yuko sahihi kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana nchi nyingi ziliikimbilia radio. Sierra Leone ilikuwa imejaribu jambo hilo mapema, wakati wa Ebola mwaka 2014 na 2015 shule zilipofungwa miezi mingi, na Korona ilipofika walirudi hewani haraka kwa sababu njia walikuwa wanaijua. Kenya nayo ilikuwa na vipindi vya radio na televisheni vilivyotayarishwa na taasisi yake ya mitaala. Uganda, ambayo ilifunga shule muda mrefu kuliko nchi nyingine zote, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022 kwa baadhi ya madarasa, ilitegemea radio na karatasi za masomo.

Lakini mama yule wa simu moja hakumaliza. Alimgeukia mzee, kwa heshima, akamwambia: "Muzee, mtoto akiuliza swali, radio inajibu nini?"

Darasa likanyamaza kidogo. Nami nilikuwa na ukurasa mzima juu ya radio, lakini haukuwa na swali hilo.

Radio ina shida tatu, na mbili za kwanza zinarekebishika. Ya kwanza ni milima. Mawimbi ya FM huenda karibu mstari mnyoofu, hayapindi kuzunguka mlima. Ukiwa na milima ya volkano kati yako na mtambo wa kurushia, unaweza kupata stesheni vizuri kwenye kilima na kuikosa kabisa bondeni, mita mia tatu kutoka hapo. Kabla ya kusema kipindi kimefika kijiji fulani, mtu atembee na radio nyumba kwa nyumba saa ile ile ya kipindi, asikilize. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini sijaona mara nyingi ikifanywa.

Ya pili ni saa. Stesheni ina mdomo mmoja. Madarasa sita ya msingi, kila moja nusu saa, ni saa tatu za hewa kwa siku, na hapo kila darasa limepata somo moja tu. Kipindi kikipita kimepita. Mtoto aliyekwenda kuchota maji saa tatu asubuhi, somo la mwaka wa nne halimrudii, isipokuwa stesheni irudie jioni.

Ya tatu ndiyo ya mama. Radio haisikii. Mtoto akikosea kujumlisha, inaendelea kusema, na kesho inajenga juu ya kosa lile. Watu waliliona tatizo hili zamani. Nikaragua, kuanzia mwaka 1974, ilikuwa na mpango wa kufundisha hesabu kwa radio katika madarasa ya chini, na wabunifu wake walifanya jambo ambalo linaonekana dogo: waliacha kimya. Sauti inauliza, "Tano na tatu ni ngapi?" Inanyamaza sekunde chache. Watoto wanajibu kwa sauti. Kisha radio inasema, "Nane," na mtoto anajua palepale kama alipata au alikosa. Swali, kimya, jibu, mara kadhaa wa kadhaa ndani ya nusu saa moja. Somo kama hilo huandikwa upya kwa ajili ya radio, sekunde kwa sekunde, na hujaribiwa kwa watoto kabla ya kurushwa, ili kimya kisiwe kifupi mno wala kirefu mno.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua kama kipindi cha radio ni somo kweli au ni mtu anayesoma kitabu mbele ya mikrofoni, ahesabu vimya. Kama dakika kumi zimepita na mtoto hajaombwa kufungua mdomo wala kushika kalamu, hilo ni tangazo. Mzee wa radio alisema vipindi alivyovisikia mwaka ule "vilikuwa vinasemasema tu." Huo ni ushahidi wa mtu mmoja na radio yake, siwezi kuufanya hukumu kwa stesheni zote. Watoto wake, alisema, walikaa naye siku nne za kwanza.

Kimya cha Nikaragua kinasaidia, lakini bado si jibu kamili kwa mama. Kinamwambia mtoto kwamba amekosea. Hakijui amekosea kwa nini. Mtoto aliyesema sita badala ya nane na mtoto ambaye hajui alama ya kujumlisha wanapata jibu moja.

Nilipofika hapo mwalimu wa mwaka wa tano akarudi. Inaonekana alikuwa akilingoja. "Basi tuwapigie simu. Simu ndogo ya kubonyeza iko karibu kila nyumba. Nipige, niulize, nisikie."

Jambo hilo limejaribiwa, na matokeo yake yanafundisha kwa sababu hayakufanana. Nchini Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti walichagua kwa kura familia kutoka kundi la zaidi ya 4,000. Baadhi walitumiwa ujumbe mfupi kila juma wenye maswali machache ya hesabu. Wengine walipata ujumbe huo pamoja na simu ya dakika 15 mpaka 20, mara moja kwa juma, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja kwa sauti ya nje. Waliobaki hawakupata kitu. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti kubwa. Ujumbe pamoja na simu uliwasogeza watoto mbele kwenye hesabu za msingi, kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwenye nchi nyingine tano, zikiwemo jirani yetu Uganda, na Kenya, nayo ikafanya kazi.

Huko Sierra Leone, mwaka ule ule, watafiti wengine walipanga walimu wawapigie simu wanafunzi wa shule za msingi za serikali kila juma, kuongezea masomo ya radio. Watoto walishughulika zaidi na masomo. Lakini walipopimwa, katika hesabu na lugha, hawakuwa wamewazidi wenzao ambao hawakupigiwa.

Simu ni ile ile, dakika zinakaribiana. Tofauti iko wapi? Mimi nina maoni yangu, na niliwaambia kuwa ni maoni. Sierra Leone simu zilikuwa kiraka juu ya radio, na radio ilikuwa ikienda na mtaala. Botswana hawakuhangaika na ukurasa wa kitabu. Walichagua jambo moja dogo, matendo manne ya hesabu, na kwa baadhi ya familia anayepiga simu alilenga mahali mtoto alipokwama. Anayejua kujumlisha lakini hajui kutoa, alipewa kutoa. Tena mzazi alikuwa pale, anasikia, na simu ikikatwa yeye anabaki. Ukimpigia mtoto dakika 20 ili kumweleza sura ya saba ya kitabu ambacho alipotea tangu sura ya pili, utakuwa umefanya radio ya gharama kubwa.

Mwalimu alikuwa akiandika. Kisha akaniuliza swali ambalo watafiti hawamwulizi mtu: "Darasa langu ni watoto 50. Uniti ananunua nani?"

Tukarudi ubaoni. Watoto 50 kwa dakika 20 ni dakika 1,000 kwa juma, yaani saa 16 na dakika 40 akiwa na simu sikioni, bila kuhesabu zile zinazoita bila kupokelewa. Hizo ni zaidi ya saa tatu kila siku ya kazi, kwa mwalimu ambaye shule ikifungwa huenda shambani ili watoto wake wale. Sikuwa na jibu la nani analipa. Niliweza tu kusema namba inapungua vipi. Watoto wanaoishi jirani na wamekwama mahali pamoja wanaweza kukaa watatu kwenye simu moja, na hapo simu 50 zinakuwa kama 17, saa tano na dakika 40. Anayeweza tayari matendo manne haitaji kupigiwa kila juma. Na kampuni za simu huuza dakika za usiku au za mtandao wake mwenyewe kwa bei ndogo, kwa hiyo ni muhimu kujua kila nyumba ina laini gani. Bado mtu lazima alipe. Sikumbuki kusikia mradi uliomnunulia mwalimu wa kijiji uniti, ingawa ndicho kitu pekee alichokuwa anakosa.

Nilitaka kufunga hapo. Prefe wa shule ya sekondari ya jirani, aliyekuwa kimya muda wote, akasimama.

"Mwandishi, unatuambia habari za Korona. Aksanti. Lakini Korona ilitukuta nyumbani. Sisi hapa shule hufungwa tukiwa njiani, na godoro kichwani."

Hakuna aliyehitaji maelezo. Oktoba 2022 mapigano yalipanda barabara hii mpaka Rutshuru na Kiwanja, na vijiji vikamwagika, wengine kuelekea Goma, wengine kuvuka mpaka wa Uganda. Hata mjini Goma mambo hayakuwa tofauti. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na sehemu kubwa ya mji ikaondolewa watu. Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika, na intaneti pamoja navyo. Jukwaa lolote la masomo ya mbali linazimika siku ile ile ambayo mtoto analihitaji.

Prefe alisema kweli, na inabidi nikiri kwamba mada yangu ilikuwa imeandikwa kama vile shule inafungwa huku kila kitu kingine kimesimama mahali pake. Masomo ya mbali ya mwaka 2020 yalijengwa juu ya dhana tatu: familia iko mahali inapojulikana, namba ya simu ni ile ile, na antena inafanya kazi. Katika vita zote tatu zinaweza kuanguka kwa siku moja. Simu inauzwa njiani kwa ajili ya chakula. Laini inapotea. Antena inakosa mafuta au fundi hathubutu kuifikia.

Kinachobaki ni karatasi na watu. Na kwa karatasi kuna jambo ambalo nadhani Kalengera inaweza kulifanya bila kungoja mtu, nalo ni la siku ya kurudi. Shule zikifunguliwa, mazoea ni kufungua kitabu pale kilipofungwa, au kuanza kitabu cha mwaka mpya kabisa. Mtoto aliyepoteza miezi saba anakaa mbele ya ukurasa asioweza kuusoma, na hakuna anayejua. Kenya, Tanzania na Uganda kilianzishwa kipimo kinachoitwa Uwezo, ambacho watu wa kawaida hukifanya nyumbani kwa watoto. Unampa mtoto karatasi moja yenye herufi, maneno, kifungu kifupi na hadithi fupi. Anaanza, unasikiliza, unaandika alipoishia: herufi, neno, kifungu au hadithi. Kwa hesabu vilevile, kuanzia kutambua namba. Ni dakika chache kwa mtoto mmoja. Mwalimu wa watoto 50 anamaliza ndani ya siku mbili au tatu, na siku ya nne anajua darasa lake ni madarasa mangapi.

Prefe akauliza kama kipimo hicho kinataka ruhusa kutoka juu. Nilimwambia kumsikiliza mtoto akisoma hakujawahi kutaka ruhusa. Kutumia asubuhi tatu za ratiba kwa kazi hiyo, hapo sijui mkaguzi wake atasema nini, na yeye anamjua kuliko mimi.

Jua lilikuwa limeinama. Komite ya wazazi ikasoma majina ya watu wa kurudisha viti kanisani. Mama wa simu moja alikuwa amekwisha kuondoka, maana mume alikuwa karibu kurudi na chakula hakijapikwa.

Mwalimu wa mwaka wa tano alibaki. Alikuwa amechukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula: jina la mtoto, namba ya simu, simu ni ya nani, laini gani, iko nyumbani saa ngapi. Akaongeza mstari wa sita: kama mkikimbia, mtafikia kwa nani. Wazazi waliobaki walipanga foleni mbele yake, na mmoja alikuwa akitafuta namba yake mwenyewe kwenye simu, kwa sababu laini ilikuwa mpya na alikuwa hajaishika kichwani.